Mota Inapoamka: Sta-Delta, Softi Stata au Draivu?

Msikilizaji wangu, kama unaishi jirani na mashine ya kusaga, jambo nitakalolizungumza leo umekwisha kuliona kwa macho yako. Taa zinafifia ghafla, feni inapunguza mwendo, friji inaguna, halafu baada ya sekunde chache kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Ni mwenye mashine amewasha mota. Na kila mwenye mashine hufika siku akaambiwa na shirika la umeme, au na majirani, au na fundi wake, kwamba ile mota haiwezi kuendelea kuwashwa moja kwa moja, atafute kifaa cha kupunguza kishindo. Hapo ndipo majina matatu yanapoanza kutajwa dukani: sta-delta, softi stata na draivu. Bei zake zimeachana sana, na muuzaji wa kila kimoja anaapa kwamba chake ndicho kinachopunguza ampea.

Wote watatu wanasema kweli, na hiyo ndiyo shida. Ampea zinaweza kupunguzwa kwa njia nyingi, lakini mota haikununuliwa ili ipunguze ampea. Ilinunuliwa izungushe kitu. Ninachotaka tuelewane leo ni kwamba kila kifaa kinachopunguza mkondo wa kuwashia kinakutoza kitu, na unachotozwa ni nguvu ya kuzungusha. Tofauti ya vifaa hivi vitatu ni kiasi kinachotozwa kwa kila ampea unayookoa. Ukiielewa hesabu hiyo, utajua kipi kinakufaa bila kusukumwa na muuzaji.

Kwanza, kwa nini mota inavuta mkondo mkubwa inapoanza? Mota hizi za viwandani, zile za fezi tatu, hazipeleki waya wowote kwenye rota. Umeme unaingia kwenye koili za nje, unatengeneza uga wa sumaku unaozunguka, na uga huo ndio unaozalisha umeme ndani ya fito za rota. Kwa umeme wetu wa hezi 50 na mota ya nguzo nne, uga unazunguka mara 1,500 kwa dakika. Rota ikiwa kazini inazunguka mara 1,470 hivi, yaani imeachwa nyuma kidogo tu, na umeme unaozalishwa ndani yake ni wa wastani. Lakini rota iliyosimama imeachwa nyuma kabisa. Uga unaipita kwa mwendo wake wote, umeme unaozalishwa ndani ya fito unakuwa mkubwa mno, na koili za nje zinalazimika kuvuta mkondo mkubwa kutoka kwenye nguzo ya umeme. Hali hiyo haimalizwi na dakika wala na taima. Inamalizwa na mwendo peke yake. Mpaka rota iukaribie mwendo wake wa kawaida, mkondo unabaki juu. Naomba ulishike neno hilo la mwendo, kwa sababu makosa mengi nitakayoyataja yanatokana na watu kuutazama muda mahali pa kuutazama mwendo.

Tuchukue mashine moja tuifuate mpaka mwisho. Ni kinu cha nyundo cha kusaga mahindi, kinazungushwa kwa mkanda na mota ya kilowati 30, umeme wa volti 400. Mota ya namna hiyo ikiwa na mzigo wake kamili inavuta kama ampea 55. Ukiiwasha moja kwa moja, yaani daireti, inaanza na mkondo wa takriban mara saba, ambao ni ampea 385. Kwa upande wa nguvu, ikiwa kazini inazungusha kwa nyutoni-mita 195, na inapowashwa daireti inaanza na nguvu ya mara mbili na kidogo ya hiyo, tuseme 430. Kwa hiyo kuwasha daireti si ujinga. Mota inapata nguvu nyingi na inafika mwendo wake haraka. Kasoro yake iko kwenye transfoma.

Tuseme transfoma ya mtaa ni ya kVA 100. Transfoma hiyo yenyewe mkondo wake kamili ni ampea 144, na mota moja inaiomba 385 kwa mkupuo. Kwa transfoma ya kawaida ya ukubwa huo, ambayo upinzani wake wa ndani ni asilimia 4, volti zitashuka kwa asilimia 10 au 11. Zile 230 za nyumbani zinakuwa 205, na hapo sijahesabu waya. Kama nyumba na mashine ziko mwisho wa laini ndefu, waya unaweza kula zaidi ya transfoma. Ndiyo sababu mashine mbili zinazofanana kabisa, moja chini ya transfoma na nyingine nusu kilomita kutoka hapo, zina matatizo yasiyofanana.

Sasa tuingie kwenye sta-delta, kifaa kilichotapakaa kuliko vingine katika mashine zetu, na ndicho nitakachokaa nacho zaidi kwa sababu ndicho kinachofungwa vibaya zaidi.

Mota ina koili tatu, na kila koili ina ncha mbili. Ukiunganisha ncha tatu za mwisho pamoja, umeifunga kwa sta, na kila koili inapata volti 230. Ukiziunganisha koili kwa kufuatana, ncha ya moja kwa ncha ya nyingine, umeifunga kwa delta, na kila koili inapata volti 400 kamili. Stata ya sta-delta inaanza na sta, halafu taima inahamishia delta. Kwenye sta mkondo unaovutwa kutoka kwenye laini ni theluthi moja ya ule wa daireti. Mota yetu badala ya ampea 385 itavuta 128. Kwenye transfoma yetu volti zitashuka asilimia 3 na nusu tu, na jirani huenda asitambue.

Kabla ya yote, fundi asome bati la maelezo lililo kwenye mota. Kwa umeme wetu wa volti 400, mota inayofaa sta-delta ni ile iliyoandikwa 400/690, maana yake delta yake ni ya volti 400. Mota nyingi ndogo, za kilowati 3 kushuka chini, zimeandikwa 230/400. Hiyo delta yake ni ya 230. Ukiipa 400 ikiwa delta, chuma chake kitashiba sumaku, koili zitavuta mkondo wa kupindukia, na utaanza kusikia harufu ya vanishi inayoungua muda mfupi baadaye. Mota hiyo sta ndiyo hali yake ya kazi, na haina habari na sta-delta.

Tukirudi kwenye kinu chetu: mkondo umepungua hadi theluthi, na nguvu ya kuzungusha nayo imepungua hadi theluthi. Zile nyutoni-mita 430 sasa ni 143. Zinatosha? Inategemea kinu kikoje wakati huo. Kinu kikiwa tupu kinachopinga ni mkanda, beringi na upepo wa zile nyundo, tuseme 40. Zinabaki kama 100 za kukiongezea mwendo. Rota ya kinu cha nyundo ni nzito, kwa hiyo haikimbii upesi. Kwa uzito wa kawaida wa mashine ya ukubwa huo itahitaji sekunde 8 hadi 10 kufika karibu na mwendo wake.

Lakini ikiwa umeme ulikatika katikati ya kusaga, na chumba cha nyundo kimebaki na mahindi, kinu kinaweza kudai 120 tangu mwanzo. Tofauti inayobaki kati ya 143 na 120 ni ndogo sana. Tena mota nyingi, zikiwa katikati ya kupanda mwendo, nguvu yake hushuka kidogo kabla ya kupanda tena. Na kama volti za laini zilikuwa chini asubuhi hiyo, nguvu inashuka zaidi, maana nguvu hufuata mraba wa volti: volti zikipungua kwa asilimia 10, nguvu inapungua kwa asilimia 19. Mota itafika mizunguko 700 au 800 ikwame hapo, inanguruma kwa sauti nzito, haipandi. Halafu taima inafika, delta inaingia, na unasikia kishindo kile kile ulichonunua kifaa ili kukikwepa.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo wenye mashine wengi hawajaambiwa. Mota ikihamishiwa delta ikiwa kwenye nusu ya mwendo wake, mkondo unaruka hadi karibu sawa na wa daireti, kwa sababu rota bado imeachwa nyuma sana. Fedha ya kontakta tatu, taima na nyaya sita za kwenda kwenye mota imetumika kuchelewesha kishindo kwa sekunde kadhaa, basi. Majirani wanaona taa zinafifia mara mbili: kidogo mwanzoni, halafu sana. Ukiona hivyo, usiilaumu sta-delta kabla hujauliza taima imewekwa sekunde ngapi na mota inakuwa imefika mwendo gani.

Namna ya kujua ni rahisi. Chukua klampu mita, ile mita ya kubana waya, ubane waya mmoja wa laini inayoingia. Washa kinu kikiwa tupu. Mkondo utaanza juu, katika mfano wetu kwenye 128, utakaa hapo kwa muda, halafu utaanza kuporomoka haraka. Kuporomoka huko ndiko rota kukaribia mwendo wake. Mkondo ukishatulia chini, hesabu ni sekunde ngapi zimepita, kisha weka taima ipite hapo kidogo. Kwa kinu hiki itakuwa kama sekunde 10. Nimekutana na taima nyingi zimeachwa kwenye sekunde 3 au 4, kwa sababu ndivyo fundi alivyoziweka kwenye pampu ndogo mwaka jana, au ndivyo zilivyotoka kiwandani. Na kama mkondo hauporomoki hata ukisubiri, usiongeze muda. Mzigo umeishinda sta, na kuiacha mota ingurume ni kuichoma.

Hata taima ikiwa sawa, kuhama kwenyewe kuna msukosuko wake. Kontakta ya sta lazima iachie kabla ya ile ya delta kushika, na katikati mota haina umeme kwa muda wa kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Muda huo mfupi ni wa lazima. Delta ikishika wakati cheche za sta hazijazimika, fezi tatu zinakutana uso kwa uso na breka inaruka. Dalili yake ni breka kuruka sekunde ile ile ya kuhama, na masizi meusi kwenye kontakta ya sta. Ndiyo maana taima ya kweli ya sta-delta ina nafasi hiyo ndani yake, na kontakta hizo mbili hufungwa kufuli ya chuma na ya umeme ili zisishike pamoja.

Sasa, wakati huo mota haina umeme wa laini, rota bado ina sumaku na bado inazunguka, kwa hiyo koili zinazalisha umeme wake zenyewe. Umeme huo unaanza kuchelewa nyuma ya umeme wa laini kadiri rota inavyopunguza mwendo. Delta inaposhika, umeme wa aina mbili usiolingana unakutana, na mkondo unaruka juu kwa kitambo kifupi sana. Kuna namna mbili za kufunga delta zinazozungusha mota upande ule ule, na mafundi wengi wanadhani ni sawa tu. Si sawa. Kwa mota inayozunguka kwa mfuatano wa kawaida wa fezi, ukiunganisha U1 na V2, V1 na W2, W1 na U2, koili zinapokea volti zilizochelewa kidogo kuliko zile za sta, na hivyo zinakutana karibu na ule umeme wa mota uliochelewa. Ukifunga ile namna nyingine, ya U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2, ambayo ndiyo inayotokana na vibati vya shaba vilivyowekwa wima kwenye kisanduku cha mota, pengo linakuwa kubwa na mruko unakuwa mkali zaidi. Breka inayoruka bila sababu wakati wa kuhama, siku moja ndiyo siku nyingine hapana, mara nyingi chanzo chake kiko hapo.

Kitu cha mwisho kwenye sta-delta ni ovalodi, na hiki kimeunguza mota nyingi. Kwenye delta, mkondo wa laini ukiwa 55, ndani ya kila koili unapita 32 tu, yaani 55 mara 0.58. Ovalodi ikifungwa chini ya kontakta kuu, kwenye njia ya koili, iwekwe 32. Fundi anayesoma 55 kwenye bati na kuiweka ovalodi hiyo kwenye 55 ameiacha mota bila ulinzi. Ovalodi ikifungwa juu, kwenye laini, iwekwe 55, na hapo kuna hatari nyingine: kontakta ya delta ikifa na mota ikabaki kwenye sta na mzigo, ampea zote za laini zinapita kwenye koili. Koili iliyotengenezwa kubeba 32 inaweza kubeba 55 mchana kutwa, na ovalodi inaona mambo ni shwari. Ndiyo maana napendelea ile ya chini, iliyowekwa 32, kwa mashine yoyote ambayo haina mtu anayeisikiliza.

Tumekaa sana na sta-delta. Sasa twende kwenye softi stata. Ndani yake kuna thairista, jozi moja kwa kila fezi, ambazo hukata sehemu ya kila wimbi la umeme na kuachia sehemu iliyobaki. Mwanzoni zinaachia kidogo, halafu zinaongeza taratibu mpaka volti zinakuwa kamili, kisha kwa kawaida kontakta ya pembeni inashika na thairista zinapumzika. Hakuna kuhama, hakuna kukatika katikati, hakuna mruko wa pili. Unaweza kuiambia mkondo usizidi mara tatu au mara tatu na nusu ya ule wa kawaida, nayo itatii.

Wengi huona kwamba kwa kuwa softi stata ni ya kielektroniki na ni ghali zaidi, basi lazima inapunguza mkondo vizuri kuliko sta-delta. Hesabu inasema vingine. Softi stata inapunguza volti peke yake. Volti zikiwa nusu, mkondo unakuwa nusu, lakini nguvu ya kuzungusha inakuwa robo. Sta-delta inapunguza mkondo wa laini hadi theluthi na nguvu hadi theluthi, vinashuka pamoja. Kwa kinu chetu, ukiiweka softi stata kwenye mara tatu na nusu, itavuta ampea 193 na kutoa nyutoni-mita 107. Sta ilivuta 128 ikatoa 143. Ukitaka softi stata itoe zile 143 mwanzoni, itabidi uiruhusu ivute kama 222. Kwa hiyo kwa ampea zile zile, softi stata inakupa nguvu kidogo kuliko sta. Kinu tupu kitafika, ila kitachukua zaidi ya sekunde 10 huku kikivuta mkondo mkubwa zaidi. Kinu chenye mahindi ndani, kinachodai 120, hakitaondoka kabisa. Softi stata itajaribu, itapata joto, itajizima.

Mtu akiniuliza, basi softi stata ni ya nini, namjibu kwa neno moja: pampu. Pampu ya kusukuma maji haidai nguvu nyingi mwanzoni. Inadai zaidi kadiri mwendo unavyopanda, kwa mraba wa mwendo, hivyo ikiwa na nusu ya mwendo inadai robo tu. Nguvu ndogo ya softi stata mwanzoni inaitosha. Tena faida kubwa iko wakati wa kuzima. Ukiikata pampu ghafla, maji yaliyokuwa yanapanda kwenye bomba refu yanarudi na kugonga vali kwa kishindo kinachopasua maungio. Softi stata inaishusha pampu taratibu, na vali inajifunga kwa upole. Sta-delta haina uwezo huo hata kidogo. Na kwa pampu ya kisimani, ile inayozama, sta-delta haifai kwa sababu nyingine: rota yake ni nyembamba na nyepesi, ikikosa umeme kwa kile kitambo cha kuhama inapoteza mwendo mwingi, na delta inaikuta karibu imesimama. Ila kwa pampu hiyo usiweke mwanzo mrefu. Beringi yake ya chini inaelea juu ya utando mwembamba wa maji, na utando huo haujengeki mwendo ukiwa mdogo. Ifike mwendo ndani ya sekunde chache, kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema.

Draivu nayo inatoka katika fikra nyingine kabisa. Hizi mbili za kwanza zinaiacha mota iamke kwenye hezi 50, halafu zinahangaika na matokeo. Draivu inabadilisha hezi zenyewe. Inageuza umeme wa laini kuwa wa mkondo mnyoofu, inauhifadhi kwenye kapasita, halafu inautengeneza upya kuwa wa fezi tatu kwa hezi inazotaka. Inaanza na hezi mbili tatu, na volti zikiwa chache kwa uwiano ule ule: mota ya volti 400 kwa hezi 50 inahitaji volti 8 kwa kila hezi moja, kwa hiyo kwenye hezi 5 inapewa 40 hivi, na nyongeza kidogo ya kufidia upinzani wa koili. Uga unazunguka polepole, rota inaufuata kwa karibu, haiachwi nyuma sana, na ile sababu ya mkondo mkubwa niliyoieleza mwanzoni haipo tena.

Matokeo yake kwenye kinu chetu ni makubwa. Mota inaweza kutoa nguvu yake kamili, zile 195, kutoka mizunguko ya kwanza kabisa, na koili zake zikiwa na ampea 55 tu. Draivu ya kazi nzito inaweza kwenda mara moja na nusu ya hiyo kwa dakika nzima. Kinu chenye mahindi kitaondoka bila shida. Na kwenye laini ndiyo utashangaa zaidi: kwa kuwa mwendo ni mdogo, kazi inayofanyika mwanzoni ni ya kilowati chache, na mkondo unaochukuliwa kwenye nguzo unaweza kuwa karibu ampea 10, ukipanda pamoja na mwendo hadi ule wa kawaida bila kuuvuka. Jirani hatajua umewasha saa ngapi.

Mbona basi kila mtu asinunue draivu? Bei ni sababu moja, lakini kwa mashine ya kusaga kuna nyingine ninayoiogopa zaidi, nayo ni unga. Draivu inapata joto saa zote inapofanya kazi, na ina feni inayovuta hewa kupita kwenye mapezi ya kupozea. Hewa ya chumba cha mashine imejaa unga. Miezi si mingi mapezi yanaziba, na draivu inaanza kujizima mchana wa joto, wateja wakiwa foleni. Ikifungwa, iwe kwenye kabati lililozibwa au chumba cha pembeni, na isafishwe kwa ratiba. Pili, waya kutoka draivu kwenda kwenye mota usiwe mrefu bila kichujio, maana mapigo yake makali ya volti huongezeka yakifika mwisho wa waya mrefu na kula vanishi ya koili. Tatu, usiweke sta-delta ya zamani kati ya draivu na mota ukidhani unaongeza ulinzi. Kukata na kushika kontakta chini ya draivu inayofanya kazi ni kuiua. Mota ifungwe delta moja kwa moja, kontakta zile zitolewe.

Kwa kinu tulichokifuata, uamuzi wangu ni huu. Kama kinawashwa mara chache kwa siku na mwendeshaji ana nidhamu ya kufunga mlango wa chano na kusafisha chumba cha nyundo kila umeme unapokatika, sta-delta iliyofungwa vizuri inatosha, na softi stata itakuwa fedha iliyopotea. Kama umeme wa hapo hukatika mara kwa mara kinu kikiwa na mahindi, au mashine iko mwisho wa laini ndefu, au inatumia jenereta isiyokuwa kubwa, basi ni draivu, na chumba chake kijengwe kabla haijanunuliwa. Softi stata mpelekee mwenye pampu.

Nawaomba wenye mashine mnaonisikiliza: kabla hamjatoa fedha, mwiteni fundi aje na klampu mita. Aiwashe mota kwa namna iliyopo sasa, kinu kikiwa tupu, aandike mkondo wa kuanzia, mkondo wa kutulia na sekunde zilizopita katikati. Kisha mwulizeni kifaa anachotaka kuwauzia kitatoa nguvu kiasi gani ya kuzungusha kwa mkondo anaouahidi, na kinu chenu kinadai kiasi gani. Akishindwa kujibu swali hilo, msimlipe bado.